Homa ya Ini Aina E: Hatari Iliyomo Ndani ya Beseni

Oktoba 2007, katika eneo la Madi Opei wilayani Kitgum, kaskazini mwa Uganda, wagonjwa walianza kufika kwenye vituo vya afya macho yao yakiwa ya njano. Walikuwa wakiishi katika kambi za watu waliofukuzwa makwao na vita vya LRA. Vibanda vilibanana, vyoo havikutosha na foleni za maji zilikuwa ndefu. Mwaka 2009 ulipofika katikati, wagonjwa walikuwa wamepita 10,000 na watu wapatao 160 walikuwa wamekufa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa homa ya ini aina E. Usichanganywe na homa ya manjano, ambayo huenezwa na mbu, wala na homa ya ini aina B na C, zinazopita kwenye damu. Aina E, sawa na aina A, hutoka kwenye choo cha mgonjwa na kuingia kinywani mwa mtu mwingine, na mara nyingi maji ndiyo huyabeba maambukizi hayo. Tofauti ya ndugu hawa wawili inaonekana ukiangalia nani anaugua. Katika nchi zetu watu wengi huambukizwa aina A wangali watoto, wakaugua kidogo au wasiugue kabisa, kisha wakabaki na kinga ya maisha. Kwa hiyo mahali ambapo mtaa mzima wa watu wazima unageuka njano kwa pamoja, daktari mzoefu hufikiria aina E kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa Delhi, India. Novemba 1955 mto Yamuna ulifurika, na maji machafu ya mji yakarudi nyuma hadi kwenye mdomo wa mitambo ya maji ya Wazirabad. Mafundi waliona hatari wakaongeza klorini. Kipindupindu na homa ya matumbo havikulipuka, lakini kirusi kilipenya, kwa sababu katika maji yenye tope na uchafu mwingi klorini humezwa na uchafu huo kabla haijakifikia. Uchafuzi ulidumu kama wiki moja tu. Wagonjwa wakaanza kujitokeza Desemba, na hadi mwishoni mwa Januari watu wapatao 29,000 walikuwa wamepata manjano. Wakati ule madaktari walidhani ni aina A. Miaka mingi baadaye, damu ya wagonjwa iliyokuwa imehifadhiwa ilipimwa upya, ikathibitika siyo.

Pengo hilo kati ya maji machafu na macho ya njano ndilo linalowasumbua wachunguzi. Kirusi hukaa mwilini wiki mbili hadi kumi kabla ya dalili, kwa kawaida wiki tano au sita. Mtu aliyegeuka njano mwanzoni mwa Desemba huenda alikunywa maji yaliyomdhuru katikati ya Oktoba. Ukienda leo kupima kisima alichotumia, unaweza kukuta maji safi kabisa. Na mgonjwa huanza kutoa kirusi chooni siku kadhaa kabla hajajijua kuwa anaumwa.

Ugonjwa huanza kwa namna ya kawaida mno: homa ndogo, uchovu, kichefuchefu, chakula kutopendeza, maumivu chini ya mbavu za kulia. Wengi hudhani ni malaria. Baada ya siku chache mkojo unakuwa na rangi ya chai ya rangi, choo kinapauka, ngozi inawasha, ndipo weupe wa macho unageuka njano. Jambo la ajabu ni kwamba mara nyingi homa hupungua wakati njano inapotokea, na mgonjwa wa kawaida hupona mwenyewe ndani ya wiki mbili hadi sita. Hakuna dawa maalumu anayopewa. Anapumzika, anakunywa maji ya kutosha, anakula anachoweza, na anajiepusha na pombe, dawa za miti shamba na panadoli zilizozidi, kwani vyote hivyo hulibebesha ini mzigo wakati limechoka.

Kwa mjamzito habari ni nyingine kabisa, hasa katika miezi mitatu ya mwisho.

Kati ya watu wazima wanaougua, wanaokufa ni wachache, takriban mmoja hadi wanne katika kila mia. Kwa wajawazito walio katika miezi hiyo ya mwisho, vifo vimefikia 20 hadi 25 katika kila mia. Kambini Dadaab, Kenya, mlipuko wa mwaka 2012 uliacha vifo kumi katika miezi yake ya kwanza, na tisa kati ya hivyo vilikuwa vya akina mama waliokuwa wametoka kujifungua.

Kinachowaua ni ini kushindwa kazi ghafla. Ini ndilo linalotengeneza vitu vinavyogandisha damu. Likisimama, mama anaweza kutokwa damu bila kukoma wakati wa kujifungua, hata kama uzazi wenyewe ulikuwa mwepesi. Ini pia husafisha sumu za mwili. Sumu hizo zikipanda kichwani, mama analala mchana na kukesha usiku, maneno yanachanganyika, anasahau majina ya watoto wake, kisha anazama katika usingizi asioamshwa. Mtoto naye hasalimiki: kirusi huvuka kondo la nyuma, mimba ikaharibika, mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa na ini lililokwisha kushambuliwa.

Kwa nini mimba? Maelezo yaliyo na nguvu zaidi ni mawili, na yanaweza kuwa ya kweli yote. Mwili wa mjamzito hulegeza sehemu ya kinga yake ili usimshambulie mtoto, na homoni za mimba zinaonekana kukisaidia kirusi kuzaliana. Pia kirusi kimeonekana kikizaliana ndani ya kondo lenyewe. Mama mwenye lishe duni huwa katika hatari zaidi. Dawa inayojaribiwa kwa wagonjwa wengine sugu, ribavirini, haifai kwake kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni.

Delhi mlipuko ulizimika karibu mara moja baada ya maji kusafishwa. Kitgum uliendelea karibu miaka miwili, na wachunguzi walitaka kujua kwa nini. Walipowalinganisha wagonjwa na majirani wazima, waligundua kwamba hatari ilikuwa ndani ya nyumba pia: familia zilizohifadhi maji ya kunywa katika vyombo vyenye mdomo mpana, ambamo mikono huingia na kikombe, na familia zilizonawa pamoja katika beseni moja kabla ya kula. Desturi hiyo, yenye heshima yake katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, hugeuka njia ya maambukizi pale mmoja wa wanaonawa anapokuwa na kirusi. Kumwagia kila mtu maji kwa birika, kwa sabuni, huikata njia hiyo, na dumu lenye shingo nyembamba na kifuniko huzuia mikono. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote. Yakiwa na tope, yaachwe yatulie na kuchujwa kwanza, ndipo klorini itiwe na kusubiriwa nusu saa.

Chanjo ipo, iliyotengenezwa China. Machi 2022, katika kambi ya Bentiu, Sudan Kusini, Wizara ya Afya na Madaktari Wasio na Mipaka waliitumia kwa mara ya kwanza duniani kukabili mlipuko, wajawazito wakiwemo. Inahitaji dozi tatu katika miezi sita, na katika nchi nyingi bado haipatikani.

Kwa hiyo mjamzito yeyote anayeona macho yake yamekuwa ya njano asisubiri tarehe ya kliniki. Aende hospitali siku hiyo hiyo, kwenye wodi yenye damu ya kuongezewa. Na akianza kuchanganyikiwa au kutokwa damu kwenye fizi, walio naye wasimwache alale wakidhani ni uchovu wa mimba.