Makato ya Kwacha, Makato ya Mfuko

Mfanyabiashara wa mchele anayevusha mzigo kutoka Tunduma kwenda Nakonde haulizi tu kwacha leo ni shilingi ngapi. Anapiga hesabu pia ya kile anachobaki nacho mbadilisha fedha, kwa sababu akibadilisha mara kumi kwa mwezi, makato hayo madogo yanamlia faida. Hesabu hiyohiyo inamhusu anapoweka akiba yake kwenye vipande.

Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005 na sasa uko chini ya UTT AMIS, ni mfuko wenye meneja: wataalamu wanaamua wanunue hisa na hatifungani zipi, na waziuze lini. Mfuko wa fahirisi hauchagui. Unanunua kampuni zilizomo kwenye fahirisi ya soko, kila moja kwa uzito wake. Tuseme benki fulani imebeba asilimia 20 ya fahirisi, basi nayo inapewa asilimia 20 ya fedha za mfuko. John Bogle wa Vanguard alipowafungulia wananchi wa kawaida wa Marekani mfuko wa namna hii mwaka 1976, wengi walimcheka. Lakini mfuko usiolipa wachambuzi wala kununua na kuuza kila mara hutoza ada ndogo.

Ada hiyo ina uzito gani? Chukua shilingi milioni moja, katika soko linalokua kwa asilimia 10 kwa mwaka. Ada ikiwa nusu asilimia, baada ya miaka 20 zinafika kama milioni 6.1. Ada ikiwa asilimia 2.5, ni milioni 4.2 tu. Meneja atakayeziba pengo hilo inabidi alishinde soko kwa asilimia mbili, mwaka hadi mwaka. Wapo wanaoweza, kuwatambua mapema ndiyo kazi ngumu.

Mfuko wa fahirisi nao una kipimo chake. Tuseme kwa miaka mitatu fahirisi imepanda asilimia 12, 8 na 15. Mfuko wa kwanza umepata 11.5, 7.5 na 14.5. Uko nyuma kila mwaka kwa nusu ileile, ambayo ni ada, kwa hiyo kosa lake la ufuatiliaji ni sifuri. Wa pili umepata 13, 6.5 na 15.5. Kwa wastani umelingana na fahirisi, lakini mara unaitangulia, mara unaachwa, na kosa lake linafika kama asilimia 1.3. Kosa la ufuatiliaji hupima kuyumba kwa pengo, si ukubwa wake, ndiyo maana msomaji wa ripoti anahitaji namba zote mbili.

Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam kuyumba huko kuna chanzo kinachojulikana. Baadhi ya hisa hupita siku kadhaa bila muuzaji. Meneja wa mfuko wa fahirisi anayezihitaji leo hubaki na fedha taslimu mkononi, na soko likipanda kabla hajazipata, fedha hizo hazipandi nalo.