Nusu ya Sahani: Umakini Unapopotea

Tulipompelekea Komunyo babu mmoja mgonjwa hapa Ngokolo, binti yake alilalamika kuwa tangu apate kiharusi, baba amekuwa mkaidi: anakula ugali wa upande wa kulia wa sahani, wa kushoto anauacha, kisha anadai kaongezwe kingine. Sahani ilipogeuzwa, babu alikula hadi mwisho.

Hakuwa mkaidi, wala si lazima macho yake yawe na kasoro. Mwaka 1990 wanasayansi Michael Posner na Steven Petersen walieleza kuwa umakini wetu hutegemea mitandao mitatu ya ubongo. Wa kwanza hutuweka macho, tayari kupokea jambo. Wa pili huelekeza umakini mahali fulani. Wa tatu husimamia: huamua tufuate lipi na tuzuie lipi.

Kwa babu, ulioumia ni hasa ule wa pili. Mara nyingi kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo, mgonjwa huacha kujali upande wa kushoto. Aliyepoteza uwezo wa kuona upande mmoja kwa kawaida hulijua tatizo lake na hugeuza kichwa. Huyu hageuki, kwa sababu hahisi kuwa kuna kinachokosekana.

Mwaka 1978 Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliwaomba wagonjwa wawili wa Milano wajiwazie wamesimama uwanjani wakilitazama kanisa kuu la mji wao. Walitaja zaidi majengo ya kulia. Walipoambiwa wajiwazie wamesimama mlangoni mwa kanisa wakiutazama uwanja, walitaja yale waliyoyaacha mwanzo. Kumbukumbu zote zilikuwapo. Umakini ndio haukuzifikia.

Mitandao hii husaidiana. Imeonekana kuwa sauti ya ghafla, inayoamsha mtandao wa kwanza, huweza kumfanya mgonjwa kama huyo autambue upande wa kushoto kwa kitambo kifupi.

Mtoto mwenye ADHD ana shida tofauti. Hajapoteza upande wowote, na mara nyingi mtandao wa kuelekeza haujaathirika sana. Ugumu wake zaidi uko kwenye kusimamia na kubaki macho. Mwonyeshe mishale mitano, wa katikati ukielekea kushoto na mingine kulia, umwambie ataje uelekeo wa ule wa katikati: ile ya pembeni humvuta, na kasi yake ya kujibu hupanda na kushuka.

Lakini wapo wenye ADHD wanaofanya vizuri jaribio hili, hivyo peke yake halithibitishi kitu. Daktari huuliza kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, na kama zinaonekana nyumbani na shuleni pia.

Binti yule sasa huigeuza sahani katikati ya mlo, na humwita baba yake atazame kushoto. Neno "mkaidi" ameliacha.