Mtoto Mfupi Huenda Hakukosa Lishe

Akiketi darasani, mtoto analingana na wenzake. Akisimama, wanampita kwa kimo. Ukimtazama vyema, mikono yake ni mifupi kati ya kiwiko na kiganja, na miguu kati ya goti na kifundo. Hali hii huweza kusababishwa na hitilafu katika jeni ya SHOX, inayosaidia mifupa kurefuka, wala si lishe duni.

Mzazi mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumrithisha kila mtoto, mvulana au msichana. Kipimo cha jeni huithibitisha. Sindano za homoni ya ukuaji huongeza kimo, lakini hazifai tena mifupa ikishakomaa baada ya balehe. Mzazi anayeona dalili hizi ampeleke mtoto kliniki mapema, apimwe kimo akisimama na akiketi.