Bao la Trei ya Mayai

Mtoto mwenye plasta mguuni hukaa kitandani ameegemea mito, na mkono mmoja huenda una dripu. Mwalimu wa wodini humkatia trei ya mayai ya plastiki: safu mbili, mashimo sita kila moja. Kete ni vizibo 48 vya chupa za maji, vinne kila shimo. Karatasi haifai, maana haifutiki kwa dawa. Chini hutandikwa taulo, trei isiteleze wala kugonga.

Kabla ya kusogeza, mtoto ahesabu kete itakapoishia. Hapo ndipo hesabu ilipo. Atumie mkono usio na dripu. Akianza kuinamia upande mmoja au kurudia kuhesabu, amechoka, hata akikana. Wenye umri chini ya miaka mitatu wasipewe vizibo: hukaba koo.