Sukari ya Maziwa Inapokwama: Utumboni au Kwenye Ini

Utamu hafifu wa maziwa hutokana na laktosi, sukari iliyoundwa kwa sukari mbili ndogo zilizoungana: glukosi na galaktosi. Maziwa ya mama huwa na takribani gramu 7 za laktosi katika kila mililita 100. Ya ng'ombe yana karibu gramu 5. Laktosi haiwezi kupenya ukuta wa utumbo ikiwa nzima. Ni lazima kwanza ikatwe, na kazi hiyo hufanywa na laktasi, kimeng'enya kinachokaa juu ya seli zinazotanda ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba. Ikishakatwa, glukosi na galaktosi huingia kwenye damu na kuelekea kwenye ini.

Glukosi iko tayari kutumika. Galaktosi haiko tayari, kwa hiyo ini huigeuza kwa hatua zinazofuatana. Kwanza, kimeng'enya kiitwacho galaktokinasi huipachika fosfati, nayo inakuwa galaktosi-1-fosfati. Kisha kimeng'enya cha pili, kinachojulikana kwa kifupi cha GALT, huipokea na kuibadilishia mbebaji, na matokeo yake ni glukosi-1-fosfati, ambayo mwili unaweza kuichoma ipate nguvu au kuiweka akiba. Kimeng'enya cha tatu humalizia kwa kumrudisha mbebaji katika umbo lake la awali ili atumike tena. Njia hii inaitwa kwa jina la Luis Leloir, mwanakemia wa Argentina aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1970 kwa utafiti wake wa namna sukari zinavyogeuzwa mwilini.

Safari hiyo inaweza kukatika mahali pawili, na watu wengi huyachanganya matatizo hayo kwa sababu yote mawili hutajwa kuwa ni "kukataliwa na maziwa". La kwanza hutokea utumboni, kabla sukari haijaingia mwilini. La pili hutokea baada ya sukari kuingia, na hapo ndipo hatari ilipo.

Upungufu wa laktasi ndio unaoonekana zaidi. Karibu kila mtoto huzaliwa na laktasi ya kutosha, lakini kwa watu wengi duniani kiwango chake huanza kushuka baada ya kuachishwa ziwa. Huo si ugonjwa. Ndiyo hali ya kawaida ya binadamu, kama ilivyo kwa wanyama wengine wanaonyonyesha. Wasiopungukiwa ndio waliorithi badiliko la pekee katika sehemu ya chembe urithi inayoamuru laktasi iendelee kutengenezwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofanywa kati ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, uligundua kwamba wafugaji wa eneo hili wana badiliko lao wenyewe, tofauti na lile la Wazungu. Ina maana kwamba uwezo wa kunywa maziwa ukubwani ulizuka zaidi ya mara moja, kila mahali kwa njia yake, palipokuwa na mifugo.

Mtu mzima asiye na laktasi ya kutosha akinywa maziwa mengi, laktosi isiyokatwa hushuka hadi utumbo mpana. Huko huvuta maji, na bakteria huichachusha na kutoa gesi. Ndani ya saa moja au mbili tumbo hujaa na kunguruma, linasokota, na pengine mtu anaharisha. Galaktosi haijaingia kwenye damu yake, kwa hiyo ini, macho na ubongo havina habari. Akipimwa pumzi baada ya kunywa laktosi, haidrojeni itapanda, kwa kuwa gesi ya bakteria hupenya kwenye damu na kutokea mapafuni. Wengi wa watu hawa huvumilia kikombe kimoja cha maziwa wakinywa pamoja na chakula, na mtindi huwasumbua kidogo zaidi kwa kuwa bakteria wameshaanza kuikata laktosi. Laktasi hupungua pia kwa muda pale ukuta wa utumbo unapojeruhiwa, kwa mfano mtoto akiharisha vibaya. Ukuta ukipona, kimeng'enya hurudi.

Galaktosemia ni jambo jingine kabisa. Katika aina yake kali, laktasi ni nzima na hufanya kazi vizuri. Kinachokosekana ni GALT. Mtoto huirithi kwa kupokea chembe urithi yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ambao wenyewe ni wazima. Katika kila mimba ya wazazi kama hao, uwezekano wa kumpata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya minne. Ugonjwa huu ni adimu.

Tuchukue mtoto wa kilo 3 anayenyonya mililita 450 kwa siku mwishoni mwa wiki ya kwanza. Anapata takriban gramu 31 za laktosi, na nusu yake, gramu 15 hivi, ni galaktosi. Yote hufyonzwa. Ini huipachika fosfati, kisha hapo inakwama. Galaktosi-1-fosfati hurundikana kwenye ini, figo na ubongo, huku galaktosi iliyozidi ikigeuzwa kuwa galaktitoli, ambayo hujikusanya kwenye lenzi ya jicho, ikavuta maji na kuleta mtoto wa jicho. Mtoto aliyezaliwa akiwa na afya huanza kutapika, kulegea na kukataa kunyonya. Ngozi na macho hugeuka manjano, ini hukua, sukari ya damu hushuka. Wengi hushambuliwa na bakteria aina ya E. koli kwenye damu, na hao ndio wanaoua haraka.

Dalili hizi hufanana na za maambukizi ya kawaida ya mtoto mchanga, ndiyo maana ugonjwa hupitwa. Mkojo unaweza kutoa fununu: kijiti cha kupimia glukosi hakibadiliki rangi, ilhali mmumunyo wa Benedict hugeuka kuelekea rangi ya matofali, maana humo mna sukari isiyo glukosi. Lakini mtoto aliyeacha kunyonya akawekewa dripu anaweza kuwa na mkojo safi. Kipimo cha uhakika ni kupima utendaji wa GALT katika seli nyekundu za damu, na damu hiyo ichukuliwe kabla ya kuongezewa damu, kwani seli za mchangiaji huleta GALT yake na kuficha kasoro kwa miezi kadhaa.

Galaktosemia ikishukiwa, maziwa yote, hata ya mama, husimamishwa mara moja bila kusubiri majibu, na mtoto hupewa maziwa ya soya yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga. Ini huanza kupona ndani ya siku chache. Hata hivyo mwili wenyewe hutengeneza galaktosi kidogo kidogo, hivyo wapo wanaochelewa kusema, wanaopata shida ya kujifunza, na wasichana wengi ovari zao hudhoofika mapema.

Tofauti hiyo ndiyo inayofanya maziwa yaliyoandikwa "hayana laktosi" yawe salama kwa mmoja na sumu kwa mwingine. Hutengenezwa kwa kutiwa laktasi, kwa hiyo laktosi imekatwa tu. Galaktosi yote bado imo. Mzazi wa mtoto mwenye galaktosemia asiyanunue, wala asimpe mtoto huyo mtindi. Na mzazi wa mtoto mchanga anayetapika, amelegea na kuwa manjano ampeleke hospitali siku hiyo hiyo, wala asimwachishe ziwa kwa kubahatisha nyumbani, kwa sababu watoto wengi wenye dalili hizo hawana galaktosemia na maziwa ya mama bado wanayahitaji.