Mapafu Mazima, Pumzi Isiyotulia

Mwaka 1874 daktari Mjerumani Adolf Kussmaul, aliyekuwa akifundisha tiba mjini Freiburg, aliandika juu ya wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakielekea kupoteza fahamu. Miili yao ilikuwa imeishiwa nguvu, lakini vifua vyao vilipanda na kushuka kwa kishindo, vikivuta pumzi ndefu na kuitoa yote, tena bila kupumzika. Alipotega sikio kifuani, alisikia hewa ikiingia vizuri mpaka chini, bila kizuizi chochote. Watu wale walionekana kama wanaokosa hewa, na hewa walikuwa nayo tele. Mpaka leo madaktari huuita upumuaji huo kwa jina lake.

Chanzo chake hakiko kwenye mapafu. Mtu aliyeishiwa insulini ana sukari nyingi kwenye damu, lakini misuli na mafuta yake hayawezi kuitumia ipasavyo. Mwili hujiona una njaa, ukaanza kuyeyusha akiba yake ya mafuta, na ini likayageuza mafuta hayo kuwa ketoni. Kwa kiasi kidogo ketoni hazina ubaya. Hata mtu aliyefunga kutwa huwa nazo, na ubongo unaweza kuzitumia kama chakula. Insulini ndiyo inayozizuia zisizidi. Ikikosekana, ini huendelea kuzimwaga kwenye damu saa baada ya saa. Kuna ketoni za aina tatu. Moja ni asetoni, inayotoka na pumzi na kumpa mgonjwa harufu tamu isiyo ya kawaida. Mbili zilizobaki ni asidi, na hizo ndizo zinazoua.

Damu ina kinga dhidi ya asidi, nayo ni bikaboneti. Ni ileile iliyomo kwenye magadi soda ya jikoni. Kamulia ndimu juu ya magadi soda uone povu linavyofura: asidi inakutana na bikaboneti, na matokeo yake ni maji na hewa ya kaboni dayoksaidi. Ndani ya mgonjwa jambo hilohilo linatokea. Kila asidi ya ketoni inayoingia kwenye damu humaliza sehemu ya bikaboneti na kuacha kaboni dayoksaidi, ambayo nayo ikibaki kwenye damu huleta asidi tena. Mlango wa kuitoa ni mmoja tu: mapafu.

Shingoni, pale mshipa mkuu wa damu unapogawanyika kuelekea kichwani, kuna vinundu vidogo vinavyoonja damu. Asidi ikipanda, vinundu hivyo huamsha sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji. Mgonjwa haamui kupumua hivyo, wala hawezi kuacha.

Tumchukue kijana wa miaka 19 aliyekonda kwa wiki kadhaa, anayekunywa maji bila kukata kiu, anayeamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, na ambaye tangu jana anatapika. Kipimo cha damu kinaonyesha bikaboneti 6, wakati kawaida ni kama 24. Kaboni dayoksaidi yake imeshuka kutoka 40 ya kawaida hadi 17. pH, kipimo cha asidi ambacho hupungua kadiri asidi inavyoongezeka, ni 7.17; mtu mzima wa afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Hali yake ni mbaya, lakini angali na nafasi ya kupona. Sasa tufikirie kijana huyuhuyu angekuwa anapumua kama sisi, kaboni dayoksaidi ikabaki 40. Hesabu inaipeleka pH yake mpaka 6.80, kiwango ambacho moyo na mishipa huanza kushindwa kazi. Tofauti hiyo yote imeletwa na pumzi peke yake.

Kwa nini basi pumzi hiyo iwe ya kina, isiwe ya haraka tu? Kila tunapovuta hewa, kama mililita 150 huishia kooni na kwenye mirija, bila kufika panapobadilishwa hewa. Kijana wetu anapumua mara 24 kwa dakika, mililita 650 kila mara: lita 15.6, na katika hizo lita 12 zinafika kwenye vifuko vya hewa. Angepumua juujuu mara 48, mililita 325 kila mara, jumla ingekuwa ileile, lakini zingefika lita 8.4 tu. Kwa jasho lilelile angetoa kaboni dayoksaidi kidogo zaidi.

Hapa ndipo makosa huanza. Anayefikishwa kituo cha afya akihema hivyo hudhaniwa ana nimonia au pumu, na kwetu Afrika Mashariki malaria nayo haikosi kutajwa. Dhana ya malaria ina sababu, kwa kuwa malaria kali ya watoto nayo huleta asidi kwenye damu, na watafiti wa Kilifi, Kenya, walionyesha miaka ya 1990 kwamba kuhema kwa kina kwa watoto hao ni alama ya asidi hiyo. Wapo pia wanaoambiwa ni wasiwasi, watulie. Lakini angalia: kifua ni safi kikisikilizwa, na kifaa kinachobanwa kidoleni kinasoma oksijeni 98 kwa mia. Mapafu yanayofanya kazi vizuri kiasi hicho na bado yanahangaika yanatuambia tutafute tatizo kwenye damu. Tone la damu la kidoleni kwa ajili ya sukari, na kipimo cha ketoni kwenye mkojo au damu, hutoa jibu kwa dakika chache. Kwa maoni yangu, hakuna mtu anayehema kwa kina bila sababu ya wazi anayepaswa kuondoka kituoni kabla ya kuchomwa kidole hicho.

Kosa lingine ni kubwa zaidi: kumtuliza. Dawa ya usingizi inayopunguza pumzi za kijana wetu na kupandisha kaboni dayoksaidi kutoka 17 hadi 30 itaishusha pH yake mpaka 6.92, bila ketoni hata moja kuongezeka. Hatari hiyohiyo ipo anapowekwa kwenye mashine ya kupumulia iliyopangwa kwa kasi ya mtu wa kawaida. Mashine ikilazimu, ni lazima ipumue kwa wingi kama alivyokuwa akipumua mwenyewe.

Mapafu hayawezi kushinda vita hivi. Yanatoa kaboni dayoksaidi, hayazitoi asidi za ketoni, na misuli ya kifua inachoka. Kinachokomesha ketoni ni insulini, pamoja na maji mengi ya mishipani. Potasiamu hupimwa kwanza, kwa sababu insulini huisukuma ndani ya seli, na ikishuka mno moyo unaweza kupoteza mapigo yake.

Tiba ikishika, pumzi hupungua taratibu kwa muda wa saa nyingi, huku bikaboneti ikipanda kuelekea 18 na mgonjwa akizidi kuwa macho. Lakini zipo pumzi zinazotulia kwa namna nyingine: mgonjwa anaanza kusinzia, kifua kinapanda kidogo kidogo, na ndugu walioko kitandani wanashukuru kwamba sasa amepata nafuu. Asidi ikizidi sana, hata ubongo unaoamuru upumuaji hudhoofika. Ndiyo maana mgonjwa akiacha kuhema hupimwa damu tena saa ileile, na ndugu wakiona amenyamaza ghafla humwita muuguzi bila kungoja.