Mota Kubwa Haiongezi Mahindi

Mwenye kinu akitaka kufungiwa konveya ya skrubu, swali lake la kwanza kwa fundi karibu kila mara ni hili: niweke mota ya hosipawa ngapi? Si swali baya, ila limeanzia mwisho. Skrubu ina kiasi chake cha kubeba, na kiasi hicho kinatokana na umbo lake, kasi yake na namna inavyolishwa. Mota haina la kuongeza hapo. Kazi yake ni kuizungusha skrubu, basi.

Kwa asiyeijua, konveya ya skrubu ni shafti iliyochomelewa bapa la chuma linaloizunguka kama ngazi ya mnara wa msikiti, ikalazwa ndani ya mfereji wa bati wenye umbo la herufi U. Shafti ikizunguka, bapa husukuma nafaka au simenti mbele. Hakuna mkanda wala ndoo, na vumbi halitoki ukiufunika mfereji vizuri. Ndiyo maana utaikuta kwenye vinu vya sembe na kwenye viwanda vidogo vya matofali ya simenti, na karakana yoyote yenye mashine ya kuchomelea inaweza kuitengeneza.

Tuchukue kinu cha sembe kinachotaka kuhamisha mahindi kutoka kwenye shimo la kumwagia hadi kwenye hopa ya kinu, umbali wa mita 8. Fundi ametengeneza skrubu yenye kipenyo cha milimita 200 juu ya shafti ya milimita 60, na umbali kutoka bapa moja hadi linalofuata ni milimita 200 pia. Je, itahamisha kiasi gani?

Njia nyepesi ya kujua ni kuhesabu mzunguko mmoja tu. Shafti ikizunguka mara moja, mzigo unasogea mbele milimita 200. Nafasi iliyopo kati ya mabapa mawili, ukiondoa inayochukuliwa na shafti, ni lita 5.7 hivi. Lakini skrubu ya kusafirishia haijazwi pomoni. Kwa mahindi makavu tunaijaza asilimia 40, kwa hiyo kila mzunguko unasukuma lita 2.3. Lita moja ya mahindi makavu ina uzito wa gramu 720 hivi, basi mzunguko mmoja unabeba kilo 1.65. Ikizunguka mara 60 kwa dakika, unapata kilo 99. Kwa lugha ya sokoni ni gunia moja kila dakika, na nasema gunia halali la kilo 100, si lumbesa. Kwa saa ni takriban tani 6.

Hapo ndipo penye kosa linalowagharimu watu wengi. Ile asilimia 40 haiji yenyewe. Ukiweka mdomo wa shimo moja kwa moja juu ya skrubu bila kizuizi, mahindi yatashuka mpaka yajaze kila nafasi. Skrubu itageuka bomba lililoshindiliwa, mota itaguna, na nafaka itasagika kabla haijafika kinuni. Wengi hufunga mlango wa bati wa kuvuta na kusukuma, ambao unasaidia, lakini unamtegemea kijana anayeushika, na kijana akichoka anauacha wazi.

Dawa ya kudumu imo kwenye skrubu yenyewe. Pale chini ya mdomo wa shimo, mabapa yanabanwa yakae karibu karibu, milimita 80 badala ya 200. Sehemu hiyo iache ijae kabisa. Mahindi yakitoka hapo na kuingia kwenye mabapa ya milimita 200 yanapata nafasi ya kulala, na kwa kuwa 80 ni asilimia 40 ya 200, mfereji uliobaki utajaa asilimia 40, hautazidi. Mlango hauhitaji mlinzi tena. Ni kazi ya nusu siku kwa mchomeleaji, na mimi nashangaa kwa nini haifanywi kila mahali.

Sasa tuinue. Kinu chetu kina hopa juu, kwa hiyo skrubu haitalala sawa bali itapanda kwa nyuzi 20. Skrubu inayopanda haisukumi kila kitu mbele, kwani sehemu ya mzigo huruka juu ya shafti na kurudi bapa la nyuma. Kwa mfereji wa U, makadirio yanayotumika sana ni kwamba kwenye nyuzi 10 unabaki na asilimia 80 ya uwezo, na kwenye nyuzi 20 asilimia 65. Lile gunia letu la kila dakika limeshuka kuwa kilo 64, yaani tani 3.85 kwa saa. Mwenye kinu aliyeahidiwa tani 6 atadhani mota ni ndogo. Ataibadilisha, atapata tani zilezile.

Na umeme? Kanuni ninayoitumia inafuata kiwango cha kimataifa ISO 7119, ambacho kinahusu konveya zinazolala au zinazopanda hadi nyuzi 20 hivi:

```
P = Q × (λ × L + H) / 367 + D × L / 20
```

P ni nguvu kwa kilowati, Q ni tani kwa saa, L ni urefu kwa mita, H ni kimo cha kupandisha, na D ni kipenyo cha skrubu kwa mita. Herufi ile ya Kigiriki, λ, inawakilisha msuguano wa mzigo ndani ya mfereji. Vitu laini vinavyoteleza huwa karibu na 2, vigumu vinavyokwaruza hufika 4. Mahindi makavu naweka 2. Kupanda nyuzi 20 kwa mita 8 ni kimo cha mita 2.7. Piga hesabu, utapata kilowati 0.28. Hiyo ni chini ya nusu hosipawa! Ongeza kinachopotea kwenye giaboksi, bado haifiki 0.35.

Hata hivyo sitamshauri mtu afunge mota ya kilowati 0.37. Hesabu ile ni ya skrubu inayotembea, iliyolishwa vizuri, yenye mahindi makavu. Haijui siku umeme ulipokatika mfereji ukiwa na mzigo, ukarudi baada ya saa 2 na skrubu ikatakiwa kuanza na mahindi yaliyokwishajikalia. Haijui mdomo wa kutolea ulioziba. Wala haijui volti za jioni. Nguvu ya mota ya kusokota shafti hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo umeme wa volti 400 ukianguka hadi 320, mota inabaki na asilimia 64 tu ya nguvu yake ya kuanzia. Kwa sababu hizo naweka kilowati 1.5, yaani hosipawa 2, pamoja na giaboksi ya 24 kwa 1. Mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika inatoka hapo na 60 kamili.

Mbona usiweke hosipawa 10 ukalala usingizi? Fikiria spana yenye mpini wa mita 1 iliyofungwa kwenye shafti. Kwa mizunguko 60, mota ya hosipawa 2 ni sawa na kuning'iniza kilo 24 kwenye ncha ya mpini huo. Ya hosipawa 10 ni kilo 120, na mota ikikwama hutoa mara mbili ya hapo au zaidi. Kipande cha chuma kikiingia, mota ndogo itasimama na ovalodi itakata umeme. Mota kubwa haitasimama. Itakunja bapa, itakata boliti za kuunganishia shafti, au itatafuna meno ya giaboksi, na ovalodi iliyopangwa kwenye ampea 15 haitajua lolote. Ya kilowati 1.5 inapangwa kwenye ampea 3.5 hivi, kama ilivyoandikwa kwenye kibati cha mota.

Simenti ni hadithi nyingine, ingawa skrubu ni ileile. Kwa kuwa inakwaruza chuma, tunaijaza asilimia 30 tu, ili beringi za katikati zisizame ndani ya unga. Mabapa ya chini ya mdomo yanabanwa hadi milimita 60. Lita moja ya simenti iliyochangamka ina kilo 1.2 hivi, kwa hiyo skrubu iliyolala sawa inatoa kilo 123 kwa dakika, karibu mifuko miwili na nusu. Ukiweka λ kuwa 3, unapata kilowati 0.56, mara mbili ya mahindi yetu yaliyokuwa yakipanda. Hapo naweka mota ya kilowati 2.2.

Lakini simenti ina tabia mbili ambazo hesabu haizioni. Ikiwa imetoka kupulizwa kwenye silo imejaa hewa, na inatiririka kama maji. Inaweza kupita kwenye skrubu iliyosimama na kumwagika upande wa pili, hivyo lazima mdomo wa silo uwe na mlango unaofungwa kabisa. Ikishatulia hujishindilia, na ikipata unyevu hushika. Zile konveya za bomba zinazopanda nyuzi 45 kutoka silo hadi kichanganyio zina mota kubwa zaidi kwa sababu zinakwenda zimejaa na kwa mwinuko mkali. Hesabu niliyofanya hapa haizihusu, msizichanganye.

Konveya ikishafungwa, ipime. Chora mstari wa chaki kwenye shafti, hesabu mizunguko ya dakika moja, halafu kinga mzigo wa dakika moja na uupime. Mizunguko ikiwa sawa lakini kilo zimepungua, tatizo liko kwenye ulishaji au mwinuko, si kwenye mota. Weka pia mita ya kubana waya. Mota ndogo hula karibu nusu ya ampea zake hata ikizunguka bure, kwa hiyo usishtuke ukiona ampea 2 wakati mfereji ni mtupu. Andika namba hiyo ukutani. Siku ikianza kupanda taratibu bila mzigo kuongezeka, beringi inakufa au bapa linagusa bati.

Mfuniko usifunguliwe skrubu ikizunguka, na mkono usiingie kabla swichi kuu haijazimwa na kufungwa kwa kufuli. Hizo kilo 24 za hosipawa 2 zinatosha kabisa kuuvunja mkono. Na kwa wenye simenti, kila jioni fungeni mlango wa silo kwanza, mwache skrubu izunguke mpaka mfereji uwe mtupu, ndipo mzime.